Namba Hii Tayari Ina Mwenyewe

Mwezi Julai mpwa wangu, binti wa dada yangu anayeishi wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, alinunua laini mpya ya simu kwa wakala. Alitaja namba yake ya NIDA, akaweka kidole kwenye mashine ya alama za vidole, akathibitishwa, na tangu saa hiyo mtandao wa simu ukamtambua yeye, na si mtu mwingine yeyote, kuwa mtumiaji wa namba ile. Siku iliyofuata akafungua mfumo wa maombi wa taasisi moja ya umma. Sitaitaja, kwa kuwa ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia haukuanzia kwake wala hautaishia kwake. Alijaza jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya NIDA na namba ya simu. Mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu: namba hii ya simu tayari imeunganishwa na akaunti nyingine.

Jioni akanipigia. "Shikamoo mjomba. Eti hii laini niliyonunua jana imeshajisajili. Imejisajili na nani?"

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko majibu yote tuliyopewa kwa wiki sita zilizofuata. Dawati la huduma kwa wateja lilimjibu kwanza kwamba huenda alijisajili akasahau. Alipokana, likamwambia amtafute mwenye akaunti ile amwombe aiondoe namba. Alipouliza mwenye akaunti ni nani, akaambiwa hizo ni taarifa binafsi za mtu na haziwezi kutolewa. Kila jibu, likichukuliwa peke yake, lina mantiki. Ukiyaunganisha unapata amri ya kumtafuta mtu usiyeruhusiwa kumjua. Mwisho likaja jibu la nne, ambalo kila msomaji wa ukurasa huu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la huduma analijua: "Tumia namba nyingine."

Hoja yangu leo ni kwamba jibu hilo la nne ndilo kiwanda kinachozalisha tatizo lenyewe, na kwamba taasisi za umma zinazolitoa zina uwezo, na kwa maoni yangu zina wajibu wa kisheria, wa kuacha kulitoa.

Tuanze na jambo ambalo watengeneza mifumo hulijua lakini huishi kana kwamba hawalijui. Namba ya simu haimilikiwi, inapangishwa. Namba zenyewe ni rasilimali ya Taifa yenye ukomo. Mamlaka ya Mawasiliano huzigawa kwa kampuni, kampuni huzigawa kwetu, na laini isiyotumika kwa takribani miezi mitatu hufungwa, namba ikakaa kando kwa muda, kisha ikawekwa kwenye kadi mpya na kurudi dukani. Hakuna ubaya wowote hapo. Bila utaratibu huo namba zingekwisha. Lakini maana yake ni kwamba laini unayoinunua leo ikiwa bado ndani ya karatasi yake inaweza kuwa na historia ndefu kuliko yako. Ilikuwa ya mtu. Mtu huyo aliitumia kufungulia barua pepe, akaunti ya benki, mitandao ya kijamii na mifumo ya serikali, halafu akaipoteza, au akaugua, au akasafiri, au akafariki dunia. Laini ilirudi sokoni lakini akaunti hazikurudi.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walilipima jambo hili mwaka 2021. Walichukua namba 259 ambazo kampuni mbili kubwa za simu za huko zilikuwa zikiwapa wateja wapya, wakakagua kama zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu waliotangulia katika tovuti maarufu. Namba 171 zilikuwa hivyo. Takribani mbili katika kila tatu. Sina sababu ya kuamini kwamba sisi, ambao hubadilisha laini kwa ajili ya kufuata vifurushi vya bei nafuu, tuna hali bora kuliko hiyo.

Sasa turudi Nkasi. Usiku wa siku ya tano mpwa wangu alianza kupokea ujumbe mfupi kutoka kwenye mfumo uleule uliomkataa. Ujumbe ulibeba tarakimu sita za uhakiki na onyo la kutompa mtu yeyote. Yeye hakuwa amejaribu kuingia. Baada ya ujumbe wa tatu simu ikaita. Mwanamume mtu mzima, mwenye sauti ya adabu, akamwambia: "Binti yangu, samahani kwa usumbufu. Hiyo namba ilikuwa yangu. Kuna tarakimu sita zimekuja hapo, naomba unisomee." Mpwa wangu akakata simu, akaizuia namba ile, akanieleza kwa fahari jinsi alivyomkwepa tapeli.

Alifanya sawasawa. Tumewafundisha vijana wetu kwamba anayeomba tarakimu hizo ni mwizi, na katika matukio mengi ni kweli. Isipokuwa safari hii hakuwa mwizi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mtumishi wa umma mwenzetu, ambaye alikuwa na laini mbili na mojawapo aliiacha kwenye simu mbovu kwa zaidi ya nusu mwaka. Alipotaka kuingia kwenye akaunti yake akagundua kuwa mfumo unapeleka tarakimu za uhakiki kwenye namba isiyo yake tena. Dawati la huduma lilikuwa limemwambia, bila aibu, ajaribu kuwasiliana na anayeitumia namba hiyo sasa.

Watazame watu hawa wawili. Mmoja ana akaunti lakini hana namba, hivyo hawezi kuingia. Mwingine ana namba lakini hana akaunti, hivyo hawezi kujisajili. Kila mmoja ameshika nusu ya ufunguo, na njia pekee ambayo mfumo umewaachia ya kuziunganisha nusu hizo ni ileile ambayo serikali, benki na kampuni za simu hutuonya kila siku kwamba ni utapeli. Mfumo uliobuniwa vizuri humfanya mtu mwaminifu aonekane tofauti na mwizi. Huu umewavisha nguo moja.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo vijana wa steshenari zinazojaza maombi ya wanafunzi huipendekeza kwa kunong'ona. Bonyeza "Umesahau nenosiri", ingiza ile namba, pokea tarakimu, weka nenosiri jipya, ingia kwenye akaunti ya yule mwingine, badilisha namba yake, toka. Dakika nne. Inafanya kazi, na ndiyo maana inatisha: mpwa wangu angeweza kusoma vyeti, mshahara na anuani ya mwalimu yule kwa kuwa tu alinunua laini dukani. Lakini kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia yako ni kujiokoa. Kwa hiyo milango mitatu aliyofunguliwa binti wa miaka kumi na tisa ilikuwa hii: kumpa mtu asiyemjua tarakimu za siri, kutenda kosa la jinai, au kununua laini nyingine.

Mwenzangu mmoja anayesimamia mifumo ya habari, mtu ninayemheshimu, aliponisikia nikilalamika alinijibu kwamba bila sharti la namba moja akaunti moja, vishoka watafungua akaunti mia moja na kuvuruga takwimu. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa kuwa mahali fulani ni ya kweli. Kampuni ya barua pepe isiyo na njia yoyote ya kujua wewe ni nani ina sababu ya kuhesabu ni akaunti ngapi zimethibitishwa kwa namba moja. Google hufanya hivyo, na ukizidisha hukuambia kwamba namba hiyo imetumika mara nyingi mno. Kwa kampuni kama hiyo namba ya simu ni gharama ndogo inayowekwa mlangoni: haimzuii mtu mwenye akaunti mbili, bali inamchosha mwenye elfu kumi.

Lakini mfumo wa umma unaokudai namba ya NIDA na namba ya mtihani hauko katika hali hiyo. Umekwisha kukujua. Namba ya NIDA ni ya mtu mmoja tu; ya mtihani pia. Kishoka mwenye laini kumi hapati akaunti kumi kwa kuwa hana NIDA kumi. Sharti la simu haliongezi ulinzi wowote juu ya ule uliopo, linaongeza tu mlango wa pili ambao ufunguo wake hupotea. Na hata kama kizuizi hufungwa vibaya. Mifumo kadhaa niliyoijaribu mwenyewe huhifadhi namba kama ilivyoandikwa, hivyo inayoanza na sifuri, inayoanza na 255 na inayoanza na +255 huhesabiwa kuwa namba tatu tofauti. Anayejua ujanja huu hupita. Asiyeujua, ambaye kwa kawaida ndiye mwaminifu, hukwama.

Nilimwomba mwenzangu yule anionyeshe sharti lenyewe linavyoandikwa. Kwa hisani yake, na bila kutaja mfumo wowote, hivi ndivyo safuwima ya namba ya simu huandikwa mara nyingi katika kanzidata:

```sql
phone VARCHAR(15) UNIQUE NOT NULL
```

Neno la tatu linasema namba isijirudie katika akaunti mbili. La nne na la tano yanasema nafasi hiyo isiachwe wazi kamwe. Mstari huu uliandikwa na mwanaprogramu mmoja, pengine mchana mmoja wenye haraka, na haukupita kwenye kamati yoyote, wala kujadiliwa na wadau, wala kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Hata hivyo ni sera. Umeamua kwamba katika nchi ambayo kaya nyingi hushirikiana simu, kila mwombaji lazima awe na namba yake peke yake, na kwamba namba ikishaingia haitoki mpaka iletwe nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu. Baada ya mpwa wangu kuifungulia tena ile namba aliyoizuia, niliongea na mwalimu wa Morogoro, naye akakubali kuja Dar es Salaam na kitambulisho chake cha Taifa. Tukakutana kwenye dawati la huduma. Ofisa aliyetuhudumia alikuwa kijana mpole na mwenye nia njema. Ninalisema hili kwa sababu makala za namna hii huishia kumtukana ofisa wa dirishani, ambaye hana kosa. Alimhakiki mwalimu, akafungua akaunti yake, akafuta namba ya zamani, akabonyeza kuhifadhi. Mfumo ukakataa: nafasi haiwezi kuwa wazi. Akamwomba mwalimu namba yake ya sasa, akaiandika. Mfumo ukakataa: namba hii tayari imeunganishwa na akaunti nyingine. Ilikuwa akaunti ya mkewe, ambayo mwalimu mwenyewe aliifungua miaka miwili nyuma kumsaidia, kwa kuwa wakati huo mke hakuwa na simu.

Hapo ofisa akafanya jambo ambalo ni wazi alikuwa amelifanya mara nyingi. Aliandika sifuri, saba, kisha sifuri tupu mpaka mwisho. Mfumo ukakataa: imekwisha kutumika. Akabadilisha tarakimu ya mwisho kuwa moja. Imetumika. Mbili. Imetumika. Tukasimama watatu tukihesabu pamoja naye hadi tisa, na tisa ikakubali. Maana yake ni kwamba kabla yetu walikuwa wamepita watu tisa wenye shida kama yetu, na akaunti za watu hao sasa zimefungwa kwenye namba za kubuni ambazo hakuna aliyezikusudia. Siku moja mojawapo ya namba hizo ikiwekwa kwenye kadi na kuuzwa, mnunuzi wake atapokea tarakimu za uhakiki za mtu asiyemjua.

Nikamwomba asihifadhi. Tukaanza upya kwa mpangilio mwingine, kama mtu anayepanga kete za bao: kwanza akaunti ya mke ipewe namba ya mke, ili namba ya mume iwe huru, kisha namba ya mume iingie kwenye akaunti ya mume, ili namba ya zamani iwe huru. Mke akapigiwa simu Morogoro. Tarakimu sita zikamwendea. Akamsomea mumewe, ofisa akaziandika. (Naam, tulifanya kile hasa ambacho ujumbe wenyewe unakikataza.) Kazi ikaisha kwa dakika ishirini. Namba ya mpwa wangu ilifunguka siku nne baada ya dirisha la maombi kufungwa.

Hakukosa maombi, kwa kuwa hakutusubiri. Siku tatu kabla ya mwisho alipanda gari hadi kwa wakala, akasajili laini ya pili, akajisajili nayo. Kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama ya kidole, hakuna wa kumtuma. Lazima uende mwenyewe. Nauli kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko bei ya laini mara kadhaa. Njiani alinitumia ujumbe: "Mjomba, na hii nayo ikigoma?" Sikuwa na jibu, maana ilikuwa bahati nasibu tu.

Zipo taasisi zilizojaribu kulegeza kamba kwa kuruhusu akaunti mbili au tatu kwa namba moja. Nazisifu kwa nusu mdomo. Ukomo wa tatu humsaidia mzazi mwenye watoto wawili wanaoomba mwaka mmoja. Lakini huhesabu akaunti zilizokufa pamoja na zilizo hai, hivyo mwaka wa tatu mzazi yuleyule anakwama kwa ajili ya akaunti ambazo hakuna aliyezigusa tangu maombi yalipokwisha. Kijana wa steshenari, ambaye huwawekea wateja wasio na simu namba yake mwenyewe, humaliza ukomo asubuhi ya siku ya kwanza, na waombaji wale watatu wa mwanzo hubaki na akaunti ambazo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu wa dukani. Kuongeza ukomo bila kuweka njia ya kutoka ni kuahirisha msongamano tu.

Njia ya kutoka ipo, tena haihitaji fedha za wafadhili. Kiini chake ni kutenganisha mambo mawili ambayo mifumo yetu huyachanganya. Anayepokea tarakimu sita amethibitisha kwamba anaishika laini ile sasa. Hajathibitisha kwamba yeye ndiye mwenye akaunti. Kwa hiyo tarakimu zile zisimruhusu kuingia kwenye akaunti, lakini zimtoshe kusema: namba hii ni yangu, itoeni kwenye akaunti hiyo. Akisema hivyo, mfumo uiache nafasi ya simu wazi katika akaunti ya zamani, bila kumwonyesha jina wala chochote kilichomo. Mwenye akaunti ya zamani apewe taarifa kwa barua pepe, na safari ijayo atakapotaka kuingia aombwe NIDA na kuhakikiwa upya, kisha aandike namba mpya. Hakuna anayeingia kwa mwenzake. Hakuna anayemtafuta asiyemjua. Katika ule mstari wa kanzidata, kinachotakiwa kuondoka ni maneno matatu ya mwisho. Upekee wa mtu ubaki kwenye NIDA, mahali pake.

Kuna watakaosema kwamba mwizi aliyeiba simu yangu naye ataweza kuiondoa namba yangu kwenye akaunti. Ni kweli, na atakuwa amenisumbua. Leo hii, mwizi huyohuyo kwa tarakimu zilezile anabadilisha nenosiri na kuichukua akaunti nzima. Kati ya usumbufu na uporaji, nachagua usumbufu.

Kampuni za mitandao zimekwisha kulitambua jambo hili kwa namna zao. WhatsApp, kwa mfano, akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika kisha namba ikaamshwa kwenye simu nyingine, huchukulia kwamba namba imepata mtu mpya na kufuta taarifa za akaunti ya awali zilizofungamana nayo. Mwenye kuweka tarakimu za siri za hatua mbili hulindwa kwa siku saba kabla mgeni hajaweza kuingia bila kuzijua. Unaweza kubishana na siku zenyewe. Lakini kuna saa inayohesabu, na mwisho wa hesabu namba inakuwa huru. Mifumo yetu ya umma haina saa. Akaunti iliyofunguliwa na kuachwa inashikilia namba milele.

Na upande wa mdhibiti? Marekani ilianzisha mwaka 2021, chini ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, kanzidata ya namba zilizobadili watumiaji. Kampuni za simu huripoti kila mwezi namba zilizofungwa moja kwa moja, na namba hairudi sokoni kabla ya siku 45. Taasisi huuliza: tangu tarehe fulani, namba hii imefungwa? Jibu huwa ndiyo, hapana, au hakuna taarifa. Jina la mtu halitajwi. Sisi tuna msingi imara kuliko wao, kwa kuwa tangu Mei 2019 usajili wa laini zetu umefungwa kwenye alama za vidole na NIDA. Mtandao wa simu unajua siku hasa ambayo namba ilihama kutoka NIDA moja kwenda nyingine. Tulipanga foleni, tulizimiwa laini mwaka 2020, tulihakikiwa tena mwaka 2023. Mzigo wote wa usajili aliubeba mwananchi. Si haba kuomba kwamba taarifa hiyo itumike mara moja kwa faida yake: mfumo wa umma uulize kama namba imebadili mikono tangu akaunti ilipofunguliwa, na jibu likiwa ndiyo, namba iachiwe bila mtu kusafiri kutoka Morogoro.

Nilitaja wajibu wa kisheria, na sikuusema kwa jazba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu ahakikishe ni sahihi na za wakati, na inampa mhusika haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Akaunti inayosema kwamba namba ya mpwa wangu ni ya mwalimu wa Morogoro imebeba taarifa isiyo sahihi juu ya watu wawili kwa mpigo. Kwa hiyo anayekwama asiandike barua ya kuomba msaada, aandike ombi la marekebisho ya taarifa binafsi. Aeleze tarehe aliyosajili laini. Apige *106# kwenye simu yake, aone orodha ya namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake, na apige picha skrini kama ushahidi kwamba namba ni yake. Aombe namba iondolewe kwenye akaunti nyingine bila yeye kuonyeshwa akaunti hiyo ni ya nani. Sentensi hii ni muhimu, kwa kuwa inaondoa kisingizio cha siri za mtu. Asipojibiwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Na ukiwa unatumia orodha ile ya *106#, tazama pia kama kuna laini unayokusudia kuitupa, na kabla ya kuitupa uiondoe kwenye benki, barua pepe na mifumo uliyojisajilia, maana ukishaitupa huna tena njia ya kupokea tarakimu za kuiondolea.

Kwa wenzangu mlio ofisini na mna mamlaka juu ya mifumo hii, swali la kumuuliza msimamizi wenu wa kanzidata kesho asubuhi ni dogo: ni akaunti ngapi zina namba za simu zenye sifuri tano au zaidi mfululizo? Atalijibu kwa dakika moja, na idadi hiyo ndiyo watu waliokwisha kusimama kwenye dawati lenu.

Mpwa wangu amerudi kwenye laini yake ya kwanza, ambayo baba yake na marafiki wote wanaijua. Ile ya pili, aliyoinunua kwa ajili ya mfumo tu, imo kwenye kikombe kabatini, na tarakimu zote za uhakiki za akaunti yake huenda huko. Nimemwambia aiweke kwenye simu kila mwezi na kuiongezea salio la shilingi 500, ili isifungwe na kuuzwa kwa mtu mwingine. Imepita miezi miwili. Mwezi wa kwanza alikumbuka.